Kampuni Mbili, Bidhaa Moja: Kwa Nini Bei Hushuka Hadi Kwenye Gharama ya Nyongeza

Tuchukue soko lenye kampuni mbili tu, ambazo tutaziita Kampuni A na Kampuni B. Zote mbili huuza bidhaa isiyotofautiana kwa ubora, kwa sifa wala kwa huduma, hivi kwamba mnunuzi hana kitu kingine cha kulinganisha isipokuwa bei. Kila kampuni hutumia 20 kutengeneza bidhaa moja zaidi, iwe ni ya kwanza, ya hamsini au ya mia. Hiyo ndiyo gharama ya nyongeza, na katika kisa hiki haibadiliki kadiri uzalishaji unavyoongezeka, wala haitofautiani baina ya kampuni hizo mbili. Wanunuzi nao wanajulikana: idadi ya bidhaa wanazonunua ni 120 ukitoa bei, kwa hiyo bei ikiwa 70 wananunua 50, na bei ikiwa 20 wananunua 100.

Utaratibu wa soko ni huu. Kila kampuni hutangaza bei yake bila kujua mwenzake ametangaza ngapi. Wanunuzi huziona bei zote mbili na wote huenda kwa aliye nafuu. Bei zikilingana, hugawanyika nusu kwa nusu. Kila kampuni ina uwezo wa kuwahudumia wanunuzi wote peke yake endapo watamjia, na mchezo huu unachezwa mara moja tu. Swali ni bei gani itasimama.

Wengi wanapoulizwa swali hili kwa mara ya kwanza hukisia kwamba bei itakuwa mahali fulani katikati: chini ya ile ambayo mwenye ukiritimba angetoza, lakini juu sana ya gharama, kwa sababu kampuni mbili ni chache mno kuleta ushindani wa kweli. Dhana hiyo ina mantiki yake, lakini katika kisa hiki si sahihi. Bei inaishia kwenye 20, pale pale ambapo ingekuwa kama soko lingekuwa na kampuni elfu moja. Sababu yake ni mahususi, na inafaa ifuatwe kwa hesabu badala ya kuelezwa kwa maneno ya jumla kama vile “ushindani ni mkali”.

Pengo kati ya kushusha bei ukiwa peke yako na kushusha ukiwa na mpinzani

Tuanze na hali ambayo kampuni zote mbili zingeitamani. Kama soko lote lingekuwa la mmiliki mmoja, angetoza 70, angeuza bidhaa 50, na kwa kuwa kila bidhaa inampa ziada ya 50 juu ya gharama, faida yake ingekuwa 2,500. Hakuna bei nyingine inayompa zaidi ya hapo. Akishusha hadi 69, anampata mnunuzi mmoja mpya anayemletea ziada ya 49, lakini anapoteza 1 kwa kila moja ya zile bidhaa 50 alizokuwa akiuza tayari. Anapata 49, anapoteza 50, na faida inashuka hadi 2,499. Kwa hiyo mwenye ukiritimba hana hamu ya kugusa bei yake.

Sasa tuseme A na B wote wawili wametangaza 70. Wanagawana wanunuzi, kila mmoja anauza 25 na kupata 1,250. A akifikiria kushusha hadi 69, hesabu yake haifanani hata kidogo na ile ya mwenye ukiritimba. Anapoteza 1 kwa kila moja ya bidhaa zake 25, yaani 25 tu. Upande wa pili anapata wanunuzi 26 wapya, na kila mmoja anamletea ziada ya 49, jumla 1,274. Faida yake inapanda kutoka 1,250 hadi 2,499. Kwa kupunguza bei kidogo tu, karibu ameiongeza faida yake maradufu.

Inafaa kutazama vizuri hao wanunuzi 26. Mmoja tu ndiye mgeni sokoni, aliyevutiwa na unafuu wa bei. Wale 25 waliobaki walikuwa wanunuzi wa B, na wamehama wote kwa pamoja kwa sababu ya tofauti ya 1. Kiini cha kisa chote kiko hapa. Kwa mwenye ukiritimba, mauzo huongezeka polepole bei inaposhuka. Kwa kampuni yenye mpinzani anayeuza bidhaa ile ile, mauzo huruka. Mruko huo hautokani na idadi ya kampuni, wala na uadui kati ya wamiliki, bali na ukweli kwamba hakuna kinachomshikilia mnunuzi mahali alipo ila bei. Ndiyo maana kampuni mbili zinatosha.

Mruko huo haupotei bei inapoendelea kushuka, ingawa unapungua thamani. Wote wakiwa kwenye 40, kila mmoja anapata 800, na anayeshuka hadi 39 anapata 1,539. Wote wakiwa kwenye 25, kila mmoja anapata 237.5, na anayeshuka hadi 24 anapata 384. Hata kwenye 22, ambapo kila mmoja anapata 98 tu, anayeshuka hadi 21 anapata 99. Nyongeza hiyo ni ndogo mno, lakini bado ni nyongeza, na kampuni inayotafuta faida kubwa zaidi haina sababu ya kuiacha.

Ikiwa bei lazima ziwe namba kamili, safari inaweza kukoma kwenye 21. Hapo kila mmoja anapata 49.5, na anayeshuka hadi 20 anapata sifuri. Wanaosoma kisa hiki kwa makini huwa wanauliza kama basi jibu la 20 si sahihi. Jibu ni kwamba umbali kati ya 21 na 20 unatokana na ukubwa wa hatua ndogo kabisa ya bei. Bei zikiruhusiwa kuwa na sehemu ya kumi, mvuto wa kushuka unaendelea hadi 20.1, zikiruhusiwa kuwa na sehemu ya mia, hadi 20.01. Kadiri hatua inavyokuwa ndogo, ndivyo kituo cha mwisho kinavyoikaribia 20.

Kwa nini hakuna kituo kingine

Maelezo ya hatua kwa hatua yana hatari ya kumfanya msomaji aone vita vya bei vinavyopiganwa siku hadi siku, A akishusha leo na B kesho. Kisa chetu hakina kesho. Kampuni zinatangaza bei mara moja, kwa wakati mmoja. Hoja kamili ni kwamba kati ya jozi zote za bei zinazowezekana, ni moja tu ambayo, baada ya kutangazwa, hakuna kampuni inayojutia uamuzi wake. Hali hiyo ndiyo wanauchumi wanayoiita msawazo.

Tuzipitie jozi hizo, tukiruhusu sasa bei yoyote ile, hata yenye sehemu ndogo kiasi gani. Bei zote mbili zikiwa juu ya 20 na zikilingana, kila kampuni inajuta kwamba haikushuka kidogo. Zote zikiwa juu ya 20 lakini zikitofautiana, aliye ghali hauzi kitu na anajuta kwamba hakumshinda mwenzake kwa bei iliyo chini kidogo. Mmoja akiwa kwenye 20 na mwingine juu yake, tuseme 30, yule wa 20 anauza kwa soko lote bila faida, na anajuta kwamba hakutoza 29 na kupata faida huku akiendelea kuwa nafuu. Yeyote akiwa chini ya 20 na akauza, anapata hasara kwa kila bidhaa na anajuta kwamba alishuka kiasi hicho. Inabaki jozi moja: wote kwenye 20. Hapo A akipanda, anawapoteza wanunuzi wote na kubaki na sifuri, ambayo ndiyo aliyokuwa nayo. Akishuka, anapata hasara. Hana lililo bora zaidi la kufanya, na B pia hana.

Msawazo huu una udhaifu ambao sioni vyema kuupita kimya. Kampuni iliyoko kwenye 20 haipati chochote, lakini pia haipotezi chochote ikipanda. Kinachoizuia kupanda si woga wa hasara, bali ni kukosa manufaa ya kupanda mradi mwenzake amebaki pale pale. Kuna hata hoja kwamba kutoza juu kidogo ya 20 hakuwezi kamwe kuleta matokeo mabaya kuliko kutoza 20 kamili, na pengine kunaweza kuleta mazuri ikiwa mwenzako atapanda zaidi yako. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo haianzishi kituo kipya, kwa sababu mara tu wote wanapokuwa juu ya 20, mruko wa wanunuzi unarudi na kuwarejesha chini.

Ni vyema pia kueleza maana ya sifuri hapa. Faida inayozungumziwa ni ile inayobaki baada ya kulipa kila kinachohitajika ili bidhaa itengenezwe, pamoja na malipo ya kawaida kwa mtaji uliowekwa. Faida sifuri haina maana kwamba wamiliki hawapati kitu, bali kwamba hawapati zaidi ya ambacho mtaji wao ungewapatia kwingineko.

Pale gharama isiyobadilika inapoingia

Hoja hii ilitolewa mwaka 1883 na Joseph Bertrand, mwanahisabati Mfaransa, katika tahakiki ya kazi ya Antoine Augustin Cournot iliyochapishwa mwaka 1838. Cournot alikuwa amefikiria wamiliki wawili wa chemchemi za maji ya madini wanaoamua kiasi cha kuuza, akapata bei iliyo kati ya ukiritimba na gharama. Bertrand alimpinga, akisema kwamba wauzaji hao wangeshindana kwa kupunguziana bei. Katika mfano wetu, njia ya Cournot ingetupa bei ya takriban 53. Tofauti kati ya 53 na 20 inatokana na jambo moja tu: kama kampuni zinachagua kiasi au zinachagua bei.

Lakini matokeo ya Bertrand yana athari isiyoonekana haraka. Tuseme kila kampuni, kabla ya kuzalisha chochote, lazima itumie 100 kujenga kiwanda, na fedha hizo hazirudi. Bei ikisimama kwenye 20, mauzo yanalipa gharama ya nyongeza tu, na kila kampuni inabaki na hasara ya 100. Hasara hiyo haiwafanyi wapandishe bei, kwa sababu fedha zimekwisha kutumika na haziingii katika uamuzi wa leo. Inachofanya ni kuzuia kampuni ya pili isiingie kabisa. Mwekezaji anayefikiri mbele ataona kwamba akijiunga na soko lenye kampuni moja, bei itaporomoka kutoka 70 hadi 20 na hatarudisha hata sehemu ya ile 100. Atabaki nje, na aliyetangulia atatoza 70. Ushindani mkali kiasi hiki, ukitarajiwa mapema, unaweza kuacha soko mikononi mwa mmoja. Kwa maoni yangu hili ndilo fundisho linalosahauliwa zaidi katika kisa hiki, kwa kuwa mtu anayetazama soko lenye muuzaji mmoja anaweza kudhani kwamba hakuna tishio la ushindani, ilhali tishio ndilo lililomweka mwingine nje.

Yanayouvunja mruko

Ikiwa bei hushuka kwa sababu ya mruko wa wanunuzi, basi swali la lini bei haitashuka linakuwa swali la kitu gani kinauzuia mruko huo. Uwezo wa kuzalisha ndio kizuizi kinachostahili hesabu kamili. Francis Edgeworth alikigusia mwaka 1897.

Tuseme kila kampuni haiwezi kuzalisha zaidi ya bidhaa 30. Wote wakitoza 60, wanunuzi wanataka 60, kila kampuni inauza 30 zake zote, na faida ni 1,200 kwa kila mmoja. A akishuka hadi 59, wanunuzi wote wanamkimbilia, lakini hana cha kuwauzia zaidi ya zile 30. Amepunguza bei bila kupata mauzo zaidi, na faida yake inakuwa 1,170. Mruko umekufa. Je, akipanda? B anauza 30 zake kwa wanaothamini bidhaa zaidi, na waliobaki kwa A ni 90 ukitoa bei yake. Bei inayompa A faida kubwa zaidi kutoka kwa hao ni 55, ambayo iko chini ya 60 na inahitaji bidhaa 35 ambazo hana. Kwa hiyo kupanda nako hakumfai. Bei ya 60 inasimama, mara tatu ya gharama ya nyongeza, ingawa bidhaa bado zinafanana kabisa na gharama bado ni zile zile.

Ili hoja ya Bertrand isimame katika mfano huu, kila kampuni lazima iweze kuzalisha bidhaa 100, yaani soko lote kwenye bei ya 20, peke yake. Jumla ya uwezo ni maradufu ya kinachohitajika. Sharti hilo ni zito kuliko linavyosikika. David Kreps na José Scheinkman walionyesha mwaka 1983 kwamba kampuni zikichagua kwanza ukubwa wa uwezo na kisha zikashindana kwa bei, chini ya masharti fulani kuhusu nani anahudumiwa kwanza, matokeo hurudi kuwa yale ya Cournot. Kampuni zinazojua kitakachotokea hujenga uwezo mdogo ili kujilinda na bei ya 20.

Kizuizi cha pili ni kurudiwa kwa mchezo. A na B wakikutana kila msimu bila mwisho unaojulikana, anayeshuka kutoka 70 anapata 2,499 msimu huu, lakini mwenzake anaweza kujibu kwa kutoza 20 daima. Anayevumilia anapata 1,250 kila msimu. Ikiwa faida ya msimu ujao ina thamani ya takriban nusu au zaidi ya faida ile ile ikipatikana leo, uvumilivu unalipa, na bei ya 70 inaweza kudumu hata bila makubaliano ya maneno. Mwisho ukijulikana, hali hubadilika: katika msimu wa mwisho hakuna adhabu ya kesho, kwa hiyo bei ni 20, na kwa kuwa hilo linajulikana, adhabu ya msimu unaotangulia nayo inakosa nguvu, na hivyo kurudi nyuma hadi msimu wa kwanza.

Kizuizi cha tatu huvaa sura ya hisani kwa mnunuzi. B anatangaza kwamba bei yoyote ndogo itakayopatikana kwa A, naye atailinganisha papo hapo. Mnunuzi wa B hana tena sababu ya kuhama, kwa sababu atapata bei ya A bila kuondoka. A akijua hivyo, anaona kwamba kushuka hadi 69 kutampa nusu tu ya 2,499, yaani pungufu kidogo ya zile 1,250 alizo nazo. Anabaki kwenye 70. Ahadi inayosikika kama ya kupigania bei nafuu imeondoa kitu pekee kilichokuwa kinaishusha bei.

Namna ya kutambua

Anayelichunguza soko halisi mara nyingi haoni gharama ya nyongeza katika vitabu vya kampuni, kwa hiyo kulinganisha bei na gharama moja kwa moja ni vigumu. Lipo jambo jingine linaloonekana kwa urahisi zaidi. Gharama ikiongezeka kwa kampuni zote mbili kwa kiwango kimoja, kwa mfano malighafi yao ya pamoja inapopanda, tazama bei inapanda kwa kiasi gani. Katika mfano wetu, gharama ikitoka 20 hadi 30, bei ya Bertrand inatoka 20 hadi 30, yaani ongezeko lote linamfikia mnunuzi. Ya ukiritimba, au ya kampuni mbili zinazopatana kimya kimya, inatoka 70 hadi 75, nusu tu. Ya Cournot inapanda kwa theluthi mbili hivi. Kwa hiyo bei inayopanda sambamba na gharama, ambayo mara nyingi huwaudhi wanunuzi na kuonekana kama dalili ya njama, katika soko la namna hii ni dalili ya kinyume chake. Viwango hivyo vya nusu na theluthi mbili vinategemea umbo la mahitaji tulilolichukua, ambapo mauzo hupungua kwa 1 kila bei inapopanda kwa 1, na anayetumia kipimo hiki lazima kwanza ajue wanunuzi wa soko lake wanaitikiaje bei.

Sharti la ongezeko kuzipata kampuni zote mbili nalo si dogo. Gharama ya B peke yake ikipanda hadi 30 na ya A ikabaki 20, A hana haja ya kubaki kwenye 20. Anatoza 29, anauza bidhaa 91 na kupata faida ya 819, na B hana jibu kwa sababu kulinganisha bei hiyo ni kuuza kwa hasara. Bei sasa inaongozwa na gharama ya yule asiyeuza hata kimoja, na mtafiti anayetafuta muuzaji wa pili katika takwimu za mauzo hatamwona popote, ingawa ndiye anayemzuia A asifike 70.